Hisa za Kulipa Kidogo Kidogo: Shs. 10,000/- Hizi ni za Nani?



Majuma haya wengi wenu mmekuja ofisini na fomu mkononi, mkituuliza kama ni vema kununua hisa ambazo hulipwa kidogo kidogo. Fomu yasema kwamba hisa moja ni Shs. 100/-, lakini mtu atoe Shs. 30/- tu sasa, na zilizobaki atalipa baadaye. Wengine wenu wamekwisha kutoa. Sisi hatukatazi mfanya kazi kuwa na hisa. Tunalotaka ni kwamba kila mmoja ajue ametia sahihi kitu gani, maana tumeona ndugu zetu wakipoteza fedha ambazo, kwa haki, zingerudi mikononi mwao.

Neno la kwanza ni hili. Mtu aliyetoa Shs. 30/- kwa hisa ya Shs. 100/- hakununua kitu cha Shs. 30/-. Amejifunga deni la Shs. 70/- kwa kila hisa atakayopewa. Hii si akiba ya posta ambayo ukishindwa kuongeza, zile ulizoweka hukungoja. Hisa usiyomaliza kulipa yaweza kuchukuliwa pamoja na kila senti uliyokwisha kutoa. Hapo ndipo penye shida, na ndipo tunapotaka kusimama leo.

Tuanze mwanzo, ili kila mtu afuate. Tuchukue mfano wetu wenyewe, tusitaje kampuni ya mtu. Tuseme kampuni inatoa hisa 100,000, kila moja Shs. 100/-. Fedha zalipwa kwa mafungu manne: Shs. 30/- pamoja na ombi, Shs. 30/- wakati wa kugawiwa, Shs. 20/- katika mwito wa kwanza, na Shs. 20/- katika mwito wa pili ulio wa mwisho. Mwito ni barua ya wakurugenzi inayowaambia wenye hisa, "Sasa leteni fungu fulani, kabla ya tarehe fulani." Si ombi la hisani. Ukiisha kugawiwa hisa, mwito ni deni.

Sasa mwanachama wetu mmoja, dereva wa lori, aomba hisa 300. Atoa Shs. 9,000/- pamoja na fomu. Lakini watu wameziombea hisa hizo kwa wingi: zimeombwa 150,000, na zilizopo ni 100,000 tu. Wakurugenzi waweza kufanya mojawapo ya mambo matatu. Waweza kuwanyima wengine kabisa na kuwarudishia fedha zao zote. Waweza kuwapa wengine hisa zote walizoomba. Au waweza kumpunguzia kila mtu kwa kipimo kimoja, na hii ndiyo njia ya kawaida. Kwa kipimo hicho kila aliyeomba tatu hupata mbili, na dereva wetu apata 200.

Je, fedha zilizozidi huenda wapi? Kwa hisa 200 ilimpasa kutoa Shs. 6,000/- tu na ombi lake, naye alitoa Shs. 9,000/-. Shs. 3,000/- zimezidi. Watu wengi hudhani fedha hizo zitarudi nyumbani, na wengine huwa wamekwisha kuzipangia karo. Hazirudi. Fomu nyingi za namna hii zina mstari mdogo usemao kwamba fedha zilizozidi zitawekwa kwa ajili ya fungu la kugawiwa. Fungu hilo kwa hisa 200 ni Shs. 6,000/-. Kampuni hukata zile Shs. 3,000/- na kumdai dereva Shs. 3,000/- zilizobaki. Hapo hakuna wizi, kwa sababu hesabu ni sawasawa. Lakini aliyekuwa akingoja kurudishiwa Shs. 3,000/- aletewa barua ya kudaiwa Shs. 3,000/-, na tofauti ya mambo hayo mawili ni Shs. 6,000/- katika mfuko wa mtu mmoja kwa mwezi mmoja.

Wengi wetu twakumbuka hisa za Safaricom mwaka 2008, ambazo serikali iliziuza kwa Shs. 5/- moja, na mtu hakuweza kuomba chini ya 2,000. Zile zililipwa zote mara moja pamoja na ombi. Maombi yakazidi sana hisa zilizokuwako, watu wakapunguziwa, na kwa kuwa hapakuwa na fungu jingine la kulipa, fedha zilizozidi zilipaswa kurudi. Watu wengi walikuwa wamekopa benki ili waombe hisa nyingi, na riba ya benki ilihesabiwa juu ya mkopo wote, si juu ya zile hisa chache walizopata. Kisha kabla ya mwaka kwisha bei ikashuka chini ya Shs. 5/-. Katika hisa za mafungu shida ni ya namna nyingine: fedha zako zilizozidi hazikawii kurudi, bali hazirudi kabisa, maana zimekwisha kupata kazi. Kwa hivyo usiombe 300 kwa kutumaini kwamba utapunguziwa. Omba zile ambazo waweza kuzilipa mpaka senti ya mwisho hata kama hutapunguziwa hata moja.

Jambo la pili ni kwamba mwito haungoji bei iwe nzuri. Tutatoa habari ya Uingereza, kwa sababu huko jambo hili lilitokea mbele ya macho ya watu wote. Mwaka 1987 serikali ya huko iliuza hisa zake katika kampuni ya mafuta ya BP. Bei ilikuwa peni 330, na mtu alitakiwa kutoa peni 120 kwanza, kisha peni 105 mwaka 1988 na peni 105 tena mwaka 1989. Kabla maombi hayajafungwa, masoko ya hisa ya dunia yakaanguka, mwezi wa Oktoba. Angalieni hesabu yake. Hisa iliyolipwa yote ikishuka kutoka peni 330 hadi 260, imepoteza kama sehemu moja ya tano tu. Lakini mwenye fungu la kwanza tu alilipa peni 120 na bado anadaiwa 210, kwa hivyo alicho nacho mkononi sasa kina thamani ya peni 50. Amepoteza zaidi ya nusu. Hofu ilikuwa kubwa hata Benki Kuu ya Uingereza ikaahidi kuzinunua hisa hizo za fungu la kwanza kwa peni 70. Mfanya kazi wa Kenya asitumaini kwamba benki kuu itamjia na ahadi kama hiyo.

Sasa turudi kwa dereva wetu. Alilipa Shs. 3,000/- zilizobaki katika fungu la kugawiwa. Mwito wa kwanza ukaja, Shs. 20/- kwa hisa 200, akalipa Shs. 4,000/-. Tukijumlisha, 9,000 na 3,000 na 4,000, ametoa Shs. 16,000/- katika Shs. 20,000/-. Kisha lori likakaa gereji miezi miwili, malipo ya safari yakakatika, na mwito wa mwisho wa Shs. 4,000/- ukamkuta hana kitu.

Kampuni yaweza kumfanya nini? Jawabu liko katika katiba ya kampuni. Makampuni mengi yaliyoandikishwa Kenya chini ya sheria ya kale, iliyoanza kazi mwaka 1962, yaliandika katiba zao kwa kufuata kanuni za mfano zilizokuwa nyuma ya sheria hiyo, zinazojulikana kama Jedwali A. Sheria nyingine ilitungwa mwaka 2015 mahali pa ile, lakini kampuni ya zamani huendelea na katiba yake mpaka wenye hisa waibadilishe. Kwa kanuni hizo za mfano, mwito hauwezi kuzidi robo ya thamani ya hisa, wala hauwezi kulipwa kabla ya mwezi mmoja kupita tangu siku ya kulipa mwito uliotangulia. Mwenye hisa hupewa taarifa ya siku 14 kwa uchache. Akichelewa, hudaiwa riba isiyozidi asilimia 5 kwa mwaka. Kwa Shs. 4,000/- hiyo ni Shs. 200/- mwaka mzima. Hatari haiko katika riba.

Hatari iko katika barua ya pili. Wakurugenzi waweza kumwandikia kwamba asipolipa deni na riba kabla ya siku iliyotajwa, ambayo haiwi chini ya siku 14 tangu taarifa, hisa zake zaweza kuchukuliwa. Siku hiyo ikipita, wao hukaa mkutano wao, hupitisha azimio, na hisa 200 si zake tena. Shs. 16,000/- zimekwenda. Tena si hayo tu. Kanuni zasema kwamba aliyenyang'anywa hisa si mwenye hisa tena, lakini lile deni la Shs. 4,000/- labaki juu yake mpaka kampuni ipate fedha zote zilizodaiwa juu ya hisa hizo. Kwa hivyo mtu aweza kuwa hana hisa, hana fedha, na bado anadaiwa.

Kampuni haizikalii hisa hizo. Huziuza tena kwa mtu mwingine. Yaweza kuziuza hata chini ya Shs. 100/-, kwa sababu dereva wetu alikwisha kutoa Shs. 80/- katika kila hisa, na kampuni haiwezi kuhesabu hasara mpaka mnunuzi mpya ashuke chini ya Shs. 20/-. Tuseme mnunuzi mpya atoa Shs. 70/- kwa kila hisa, yaani Shs. 14,000/-. Hesabuni sasa. Kampuni ilipata Shs. 16,000/- kwa dereva na Shs. 14,000/- kwa mnunuzi mpya, jumla Shs. 30,000/-, kwa hisa ambazo thamani yake ni Shs. 20,000/-. Zile Shs. 10,000/- zilizozidi huandikwa katika vitabu vya kampuni kama akiba ya mtaji. Ni fedha za jasho la dereva, lakini sasa ni za wenye hisa wengine.

Wakurugenzi watatuambia: "Tungefanya nini? Kampuni haiwezi kuendeshwa na watu wasiolipa. Wale waliolipa kwa wakati wasiumizwe kwa ajili ya wale walioshindwa." Neno hilo ni la haki, nasi twalikubali. Lakini si kweli kwamba hapana njia nyingine. Njia nyingine iko katika Jedwali A lilo hilo, kurasa chache kabla ya habari ya kunyang'anya, na watu wengi hawaisomi.

Kanuni hizo zaipa kampuni haki ya kuzishikilia hisa ambazo hazijalipwa zote kama rehani ya deni lake. Kampuni yaweza kumwandikia mwenye hisa adai, ingoje siku 14, kisha ikiwa hakulipa, yaweza kuziuza hisa zile. Katika fedha zitakazopatikana kampuni hukata deni lake. Kisha kanuni zasema kwamba kinachobaki kitalipwa kwa yule aliyekuwa mwenye hisa siku ya kuuzwa.

Rudieni hesabu ile ile kwa njia hii. Hisa 200 zauzwa kwa Shs. 70/-, zapatikana Shs. 14,000/-. Kampuni yakata Shs. 4,000/- zake, na riba yake. Zabaki karibu Shs. 10,000/-, nazo zarudi kwa dereva. Kampuni imepata Shs. 20,000/- kamili kwa hisa za Shs. 20,000/-. Wenzake waliolipa kwa wakati hawakupoteza senti moja. Dereva amepata hasara ya Shs. 6,000/- kwa sababu bei ilikuwa chini, na hasara ya bei ni jambo ambalo kila mwenye hisa hulikubali anapoingia. Tofauti ya njia hizi mbili ni zile Shs. 10,000/- tu. Kwa njia ya kunyang'anya ni za kampuni. Kwa njia ya kuuza rehani ni za mfanya kazi. Na wa kuchagua ni wakurugenzi.

Sisi twasema kwamba wasiachiwe wachague wenyewe. Twataka kampuni yoyote inayoleta fomu zake katika mahali petu pa kazi, ikitaka wanachama wetu watie sahihi, iandike katika katiba yake kwamba kwa mtu aliyekwisha kulipa nusu au zaidi, wataanza na kuuza, na kinachobaki kitarudi kwake; kunyang'anya kuwe ni kwa hisa zilizokosa mnunuzi. Hatudanganyi mtu kwamba njia hii ni dawa ya kila jambo. Hisa zikiwa zimeanguka hata zauzwa Shs. 15/-, zitapatikana Shs. 3,000/- tu, na dereva atabaki na deni la Shs. 1,000/-. Na hisa za kampuni ndogo ambayo haimo katika soko la Nairobi zaweza kukaa mwaka bila mnunuzi. Lakini pale ambapo fedha zinabaki, zimrudie aliyezitoa.

Tena twataka tarehe za miito ziandikwe katika tangazo la hisa tangu mwanzo, wala zisianguke katikati ya mwezi. Siku 14 zaweza kumtosha mfanya biashara mwenye fedha benki. Mtu wa mshahara wa mwezi, barua ikimfikia tarehe 5 na siku ya mwisho ikiwa tarehe 20, siku 14 hizo hazina mshahara hata mmoja ndani yake. Siku ya mwisho na iwe baada ya siku ya mshahara, na tatizo hili litakuwa limepunguzwa sana bila kampuni kupata hasara.

Liko jambo moja ambalo haliwezi kungoja mabwana wakurugenzi, ni juu yetu wenyewe. Ndugu mmoja wetu alinunua hisa alipokuwa akifanya kazi Mombasa, kisha akahamishwa Nakuru. Barua ya mwito ilikwenda katika sanduku la posta la Mombasa. Na ile ya pili, ya kumwonya, ilikwenda huko huko. Alipojua, hisa zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa miezi mitatu. Alikwenda kulalamika kwamba hakupata barua, akaonyeshwa daftari la wenye hisa, na jina lake lina anwani ya Mombasa. Kwa katiba ya kampuni, barua iliyotumwa kwa anwani iliyo katika daftari yahesabiwa kuwa imefika. Kampuni haikukosa. Yeye hakuwa amewaandikia kwamba amehama. Kwa hivyo, mtu akihama, na amwandikie mwandishi wa kampuni juma lile lile, na aweke nakala ya barua yake.

Na yule ambaye aona mapema kwamba hataweza kulipa mwito ujao, asikae kimya akingoja siku ipite. Aliye na hisa aweza kuziuza yeye mwenyewe kabla ya kunyang'anywa, kwa mtu atakayeshika na deni lililobaki. Ajue tu kwamba kwa hisa zisizolipwa zote, wakurugenzi waweza kumkataa mnunuzi wasiyempenda, kwa hiyo aanze mapema. Hata barua ya pili ikiisha kufika, bado njia haijafungwa: akilipa deni na riba kabla ya azimio la wakurugenzi, hisa ni zake. Na hata baada ya azimio, kwa kanuni za mfano wakurugenzi waweza kulifuta wakati wowote kabla hisa hazijauzwa kwa mtu mwingine. Na yule ambaye hisa zake zimekwisha kuuzwa na bado anadaiwa, amwulize mwandishi wa kampuni kwa barua: ziliuzwa lini, na zilileta kiasi gani? Deni haliwezi kulipwa mara mbili.

Tumesema Jedwali A mara nyingi, lakini kampuni yako yaweza kuwa imeandika maneno mengine. Usitegemee maneno yetu, wala maneno ya mwuzaji wa fomu. Omba katiba yenyewe, utafute mahali patatu: habari ya miito, habari ya rehani juu ya hisa, na habari ya kunyang'anya. Ikiwa kiingereza cha wanasheria chakushinda, ilete ofisini tuisome pamoja.

Na aliye na barua ya siku 14 mfukoni sasa, asingoje mkutano wa tawi. Aje kesho asubuhi, na barua yake, na bahasha yake yenye muhuri wa posta, kwa sababu siku zimeanza kuhesabiwa.